Fedha za Julai hadi Septemba: njia tatu za kugeuza madeni ya wateja na ya saplaya kuwa makadirio

Umeshachapisha orodha ya madeni ya wateja kwa umri, ya tarehe 30 Juni. Kando yake kuna orodha ya saplaya unaopaswa kuwalipa. Mwenye biashara anauliza kama fedha zitatosha hadi mwisho wa Septemba, na wewe mhasibu unajua kwamba jumla iliyo chini ya ukurasa haijibu swali hilo. Inasema unadai kiasi gani. Haisemi fedha zitaingia lini.

Wahasibu wa biashara ndogo na za kati hapa Nairobi hutumia njia tatu kuvuka pengo hilo. Ya kwanza hufuata tarehe iliyoandikwa kwenye ankara. Ya pili hutumia asilimia za makusanyo ya miezi iliyopita. Ya tatu humfuata mteja mmoja mmoja na tabia yake ya kulipa. Nimezitumia zote, na kila moja nimeiona ikimsaidia mtu mmoja na kumpotosha mwingine.

Vigezo

Nitazipima kwa mambo manne: inakuonyesha nini hasa, inadai kazi na kumbukumbu kiasi gani, inakosea wapi na utalitambuaje kosa hilo, na inamfaa nani. Katika kigezo cha kwanza, angalia zaidi kama njia inakuambia *wiki* ambayo fedha zitapungua. Mishahara, PAYE na hundi za saplaya zina tarehe, na tarehe hizo haziangalii wastani wa mwezi.

Mfano tutakaoutumia

Chukua msambazaji wa tishu na sabuni za maji mwenye stoo Industrial Area. Anauza kwa mkopo wa siku 30, na kila mwezi hutoa ankara za takriban shilingi 1,800,000, VAT ikiwemo. Benki ana 600,000. Tarehe 30 Juni anadai 4,000,000: ankara za siku 0 hadi 30 ni 1,800,000, za siku 31 hadi 60 ni 1,100,000, za siku 61 hadi 90 ni 500,000, na zilizopita siku 90 ni 600,000.

Ndani ya jumla hiyo, supamaketi moja inadaiwa 1,500,000, taasisi moja ya kaunti 400,000, na maduka madogo pamoja na mikahawa 2,100,000.

Kabla ya kuchagua njia yoyote, orodha yenyewe isafishwe, maana njia zote tatu zinasimama juu yake. Hakikisha kwanza umri umehesabiwa kuanzia wapi. Baadhi ya programu huhesabu tangu tarehe ya ankara, nyingine tangu tarehe ya kulipwa, kwa hiyo "0 hadi 30" ya programu moja ni ankara mpya na ya nyingine ni deni ambalo tayari limechelewa. Kisha tafuta malipo ya M-Pesa yaliyoingia kupitia Paybill bila kufungwa kwenye ankara yoyote. Mwenye duka ameshalipa, fedha ziko benki, lakini ankara bado imesimama kwenye orodha, na wewe utaikadiria mara ya pili. Mwisho, angalia hundi za tarehe ya mbele ulizopewa na wateja. Kama karani aliziingiza kama malipo siku alipozipokea, deni limetoweka kwenye orodha wakati fedha hazijafika benki, na makadirio yako yatazikosa kabisa. Ziandike pembeni, kila moja kwa tarehe yake.

Njia ya kwanza: tarehe ya ankara

*Inachoonyesha.* Kila ankara unaiweka kwenye wiki ambayo masharti yanasema ilipwe. Ankara ya Juni 12 inaingia Julai 12. Upande wa mapato unakuwa na tarehe kamili, na ukiulizwa 85,000 ya wiki ya pili inatoka wapi, unataja namba ya ankara.

*Kazi yake.* Ndogo. Programu nyingi za uhasibu zina tarehe hizo tayari, na huhitaji kumbukumbu za miezi iliyopita. Hata biashara yenye miezi minne inaweza kuanza nayo.

*Inapokosea.* Katika mfano wetu, ankara zote za Juni zinaanguka Julai, nazo ni 1,800,000. Zile 2,200,000 ambazo tarehe yake imeshapita hazina pa kwenda isipokuwa wiki ya kwanza ya Julai. Karatasi itasema msambazaji atapokea 4,000,000 ndani ya mwezi mmoja, ilhali hajawahi kupokea hata nusu yake. Wengi hujaribu kurekebisha kwa kuongeza siku za wastani wa ucheleweshaji, tuseme 20. Inasaidia kwa ankara za Juni. Kwa ankara za Aprili haisaidii, kwa sababu hata tarehe mpya nayo imepita. Dalili ya kosa ni mlima: ukiona wiki ya kwanza ya robo imebeba mapato kuliko mwezi mzima wa kawaida, unatazama matumaini.

*Inamfaa nani.* Mwenye wateja wachache wanaoheshimu mkataba: kampuni ya ulinzi yenye mashirika sita yanayolipa kila tarehe 5, au mwenye nyumba za biashara anayepokea kodi kila robo. Hapo njia hii ni sahihi kuliko zote, na kuongeza hesabu za asilimia ni kupoteza muda.

Njia ya pili: asilimia za makusanyo

*Inachoonyesha.* Hapa humwangalii mteja. Unaangalia fungu la umri na kuuliza: katika fedha zilizokuwa kwenye fungu hili mwisho wa mwezi, ni sehemu gani hukusanywa kabla ya mwezi unaofuata kuisha? Jibu liko kwenye orodha zako za nyuma. Kiasi kilichokuwa 0 hadi 30 mwisho wa Mei, ambacho hakikulipwa, ndicho kinachoonekana 31 hadi 60 mwisho wa Juni. Kwenye Excel, ikiwa kila mstari ni mwezi, safu ya B ni fungu la kwanza na safu ya C la pili:

```
=1-(C7/B6)
```

Fanya hivyo kwa miezi sita, kisha chukua wastani. Kwa mafungu mawili ya mwisho fomula hii haifai, kwa sababu yaliyopita siku 90 hurundikana pamoja; huko gawa fedha zilizokusanywa ndani ya mwezi kwa kiasi kilichokuwa kwenye fungu mwezi ulipoanza. Tuseme msambazaji wetu amepata asilimia 40 kwa fungu la kwanza, 70 kwa la pili, 30 kwa la tatu na 5 kwa lililopita siku 90. Julai atakusanya 720,000, 770,000, 150,000 na 30,000 kwa mfuatano huo, jumla 1,670,000. Kisichokusanywa kinasogea fungu moja mbele, ankara mpya za Julai zinaingia fungu la kwanza, na hesabu inarudiwa. Agosti inatoa takriban 1,620,000 na Septemba takriban 1,630,000.

Kwa robo nzima hiyo ni karibu 4,920,000, na kwa jumla ya namna hiyo naiamini njia hii. Pia inakuonyesha bila huruma kinachobaki: fungu la zaidi ya siku 90 linazidi kunenepa kila mwezi, kutoka 600,000 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa Agosti.

*Kazi yake.* Siku moja ya kukusanya orodha za nyuma, kisha nusu saa kila mwezi. Sharti ni kwamba orodha hizo zihifadhiwe kama zilivyokuwa mwisho wa kila mwezi. Pia ondoa bidhaa zilizorudishwa na punguzo ulilotoa, kwa sababu vyote hupunguza deni bila kuleta hata shilingi, na asilimia itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

*Inapokosea.* Tazama miezi yake: 1,670,000, 1,620,000, 1,630,000. Imenyooka kama rula. Asilimia zimechanganya mkahawa unaolipa kwa M-Pesa kila Ijumaa na supamaketi inayolipa siku moja tu kwa mwezi. Ukigawa 1,670,000 kwa wiki, unapata kama 400,000 kila wiki, jambo ambalo halijatokea hata wiki moja. Kosa utalitambua ukiona jumla ya mwezi inakaribia makadirio lakini wiki za katikati hazikaribii. Dalili nyingine ni asilimia ya fungu moja kurukaruka, mwezi huu 70, ujao 30. Mara nyingi maana yake ni kwamba mteja mmoja mkubwa alilipa tarehe 2 badala ya 31.

*Inamfaa nani.* Mwenye wateja wengi wadogo, ambao hakuna anayeshika zaidi ya sehemu ndogo ya deni lote. Inamfaa pia anayeombwa na benki makadirio ya robo kwa ajili ya ovadrafti, kwa kuwa kila asilimia anaweza kuitolea ushahidi wa miezi sita.

Njia ya tatu: mteja mmoja mmoja

*Inachoonyesha.* Unawatoa wateja wakubwa kwenye kundi na kumwekea kila mmoja siku anayolipa kweli. Siku hiyo iko kwenye stetimenti ya benki. Wadogo wanaobaki unawakadiria kwa asilimia zao wenyewe.

Supamaketi yetu hulipa ankara za mwezi mzima kwa mkupuo, siku ya mwisho ya mwezi wa pili unaofuata. Ankara za Mei, 600,000, zitalipwa tarehe 31 Julai. Za Juni, 700,000, mwisho wa Agosti. Zipo 200,000 za Aprili ambazo zingepaswa kuwa zimelipwa. Ukipiga simu unaambiwa dilivari moja haikugongwa muhuri kwenye mlango wa kupokelea mizigo, kwa hiyo ankara haikuingia kwenye mfumo wao. Hakuna asilimia inayoweza kukuambia hilo. Fedha hizo zinatoka Julai na kuwekwa Agosti, na mtu anatumwa na nakala ya dilivari.

Kama supamaketi hiyo ni wakala aliyeteuliwa na KRA kuzuia VAT, haitakulipa 600,000 kamili. Itazuia asilimia 2 ya thamani kabla ya kodi. 600,000 ukigawa kwa 1.16 ni kama 517,000, na asilimia 2 yake ni zaidi kidogo ya 10,000. Andika 590,000. Kilichozuiwa kitakufaa unapolipa VAT yako, si kwenye akaunti ya benki.

Taasisi ya kaunti nayo ina deni lililopita siku 90. Mwaka wa fedha wa serikali huisha 30 Juni, na Juni ndio mwezi wa kukimbizana na malipo. Ambaye hakulipwa kufikia hapo huingia kwenye madeni yanayosubiri bajeti mpya. Mimi huweka sifuri kwa robo nzima. Ikilipwa, ni heri.

Wadogo wanaobaki wana asilimia zao: 65, 35, 30 na 10. Madeni yao ya 1,100,000, 500,000, 300,000 na 200,000 yanatoa 1,000,000 Julai. Jumla ya mwezi ni 1,590,000, si mbali na ya njia ya pili. Tofauti ni kwamba sasa unajua 590,000 hazitaonekana hadi siku ya mwisho.

*Kazi yake.* Kubwa. Unahitaji stetimenti za miezi kadhaa, simu kwa wateja, na saa kama mbili kila Jumatatu. Ujuzi mwingi uko kichwani mwa anayekusanya madeni. Akiwa likizo, makadirio yanadumaa.

*Inapokosea.* Inategemea tabia kutobadilika. Supamaketi ikisogeza malipo ya Septemba kutoka tarehe 30 hadi Oktoba 2, robo yako imepungukiwa malipo ya mwezi mzima ingawa hakuna aliyekataa kulipa. Pia mtu wa mauzo akikupa tarehe, uliza ahadi hiyo kaitoa nani. "Wamesema wiki ijayo" kutoka kwa mnunuzi si sawa na kutoka kwa mhasibu wao. Pima kwa kuandika kila wiki tarehe uliyotarajia na tarehe fedha zilipoingia. Mteja aliyekosea mara mbili, msogeze hadi tabia yake halisi.

*Inamfaa nani.* Mwenye wateja wawili au watatu wanaobeba sehemu kubwa ya deni, na mwenye akiba ndogo kiasi kwamba wiki moja inaweza kumwangusha.

Upande wa saplaya, kwa njia zote tatu

Madeni ya saplaya hayakadiriwi kama ya wateja. Mteja ndiye anayeamua atalipa lini, kwa hiyo upande wake unakisia. Saplaya unamlipa wewe, kwa hiyo upande wake unaamua. Usitumie asilimia hapa. Weka tarehe unayopanga kulipa, na kando yake tarehe ya mwisho ambayo saplaya angevumilia.

Ongeza pia yasiyokuwa kwenye orodha ya saplaya: kodi ya stoo, mishahara, PAYE pamoja na NSSF, SHA na tozo ya nyumba kufikia tarehe 9, na VAT kufikia tarehe 20. VAT huhesabiwa kwa ankara ulizotoa, si kwa fedha ulizopokea. Ankara za Juni zenye 1,800,000 zina VAT ya kama 248,000. Toa 160,000 uliyolipa kwenye manunuzi, zinabaki karibu 90,000 za kulipa tarehe 20 Julai, supamaketi iwe imelipa au haijalipa. Kampuni inayofunga mwaka wake Desemba isisahau pia awamu ya kodi ya mapato ya tarehe 20 Septemba.

Hii hapa Julai ya msambazaji wetu kwa njia ya tatu, kwa maelfu ya shilingi:

| Siku za Julai | Zinaingia | Zinatoka | Salio |
|---|---|---|---|
| 1–7 | 200 | 190 | 610 |
| 8–14 | 250 | 630 | 230 |
| 15–21 | 250 | 430 | 50 |
| 22–28 | 200 | 290 | –40 |
| 29–31 | 690 | 280 | 370 |

Wiki ya pili inabeba makato ya wafanyakazi na 500,000 za kiwanda cha tishu. Ya tatu ina VAT na hundi ya tarehe ya mbele ya 300,000 aliyopewa mwagizaji wa kemikali. Ya nne ina 250,000 nyingine za kiwanda, zinazotakiwa tarehe 25. Mishahara ni mwisho wa mwezi.

Kwa njia ya pili, ukisoma mwezi kwa jumla, 600,000 kujumlisha 1,670,000 kutoa 1,820,000 ni 450,000. Mwenye biashara angeambiwa Julai ni salama. Kwa wiki, anaona kuwa ataishiwa kati ya tarehe 22 na 28, na kwamba wiki moja kabla yake anabaki na 50,000 tu. Duka moja likichelewa, hundi ya kemikali inarudi. Hundi ikirudi kuna ada ya benki na uaminifu unaopotea.

Sasa orodha ya saplaya inaanza kufanya kazi. Hundi imeshatoka mkononi. VAT ikichelewa ina adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kinachosogezeka ni zile 250,000 za kiwanda. Ukimpigia mhasibu wao tarehe 3 Julai na kuomba tarehe 31, huku umemhakikishia 500,000 za wiki ya pili, unazungumza ukiwa na kitu mkononi. Salio la wiki ya nne linakuwa 210,000. Simu hiyo hiyo ukiipiga tarehe 24 inasikika tofauti kabisa.

Kwa hali yako

Biashara ina chini ya miezi sita, au wateja wako hulipa kwa tarehe za mkataba: anza na tarehe ya ankara. Yote yaliyokwisha kuchelewa yatoe kwenye wiki ya kwanza na uyaweke kando hadi mteja athibitishe siku.

Una wateja mia moja na zaidi, hakuna mkubwa, na akiba yako inatosha kulipa mwezi mzima wa gharama: asilimia zinatosha, na uzihesabu upya kila robo. Usizigawe kwa wiki.

Wateja wachache wameshika nusu ya deni, au salio lako hukaribia sifuri kabla ya mishahara: fuata mteja mmoja mmoja, angalau kwa wiki sita za kwanza. Kwa wiki saba zinazobaki hadi mwisho wa Septemba, asilimia zinaweza kuchukua nafasi kwa wale wadogo, nawe unaongeza wiki moja ya undani kila Jumatatu.

Unaandalia benki na pia unaendesha malipo ya kila siku: tengeneza karatasi mbili kutoka orodha moja. Ya benki iwe ya miezi na asilimia, yako iwe ya wiki na majina. Jumla za mwezi zikitofautiana sana, anza kutafuta kwenye deni la kaunti na kwenye ankara zenye mgogoro, maana asilimia zinaendelea kuvipa matumaini ambayo wewe umeshaviondolea.

Na kama orodha yenyewe bado ina malipo ya Paybill yasiyofungwa kwenye ankara, wiki ya kwanza ya Julai itumie kuyafunga kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya hizi.